Viwango vya ufyonzaji na ugharimiaji kwa shughuli

Kiwango cha ufyonzaji ni kiasi cha gharama za uendeshaji ambacho kiwanda hukiweka juu ya kila kizio cha bidhaa, kwa mfano shilingi kadhaa kwa kila lita ya mafuta au kwa kila saa ya mashine. Ugharimiaji kwa shughuli ni njia nyingine ya kugawa gharama hizohizo: kwanza gharama hupelekwa kwenye shughuli zinazozisababisha, kisha kila bidhaa hubeba sehemu kulingana na jinsi inavyozitumia shughuli hizo. Njia zote mbili hugawa jumla ileile ya fedha. Tofauti iko kwenye nani anabebeshwa nini, na tofauti hiyo yaweza kuifanya bidhaa yenye hasara ionekane kuwa na faida.

Makala hii inaeleza jambo hilo kwa mfano wa kiwanda kidogo cha kukamua alizeti cha aina inayoweza kupatikana Ilongero, katika Wilaya ya Singida Vijijini, Tanzania. Mkoa wa Singida unajulikana kwa zao la alizeti. Kiwanda chenyewe na tarakimu zake ni vya mfano tu. Vimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi kufuata.

## Gharama za uendeshaji na kiwango kimoja

Mbegu za alizeti, madumu, chupa na lebo ni gharama za moja kwa moja, kwa kuwa inawezekana kusema kila bidhaa imetumia kiasi gani. Umeme, matengenezo ya mashine, uchakavu, mshahara wa karani, usafi na upimaji wa mafuta havionekani ndani ya chupa moja moja. Hizo ndizo gharama za uendeshaji, na ni lazima zigawanywe kwa kanuni fulani.

Njia ya kawaida ni kukadiria mwanzoni mwa msimu:

```
kiwango = gharama za uendeshaji zilizokadiriwa / kipimo kilichokadiriwa
```

Kipimo chaweza kuwa lita, saa za kazi au saa za mashine. Tuseme kiwanda kinatarajia kukamua lita 60,000 katika msimu, na gharama za uendeshaji ni shilingi 30,000,000. Kiwango ni shilingi 500 kwa lita. Kwa kuwa ni makadirio, mwisho wa msimu hakilingani kamili na hali halisi. Mvua zikiwa haba na zikakamuliwa lita 50,000 tu, bidhaa zitakuwa zimefyonza shilingi 25,000,000; kama matumizi yalikuwa 29,000,000, shilingi 4,000,000 hazikufyonzwa. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 2, kinachohusu bidhaa zilizopo ghalani, hakiruhusu upungufu wa namna hii upandishe thamani ya mafuta yaliyobaki. Gharama za kudumu hugawanywa kwa uwezo wa kawaida wa kiwanda, na kisichofyonzwa huwa gharama ya kipindi hicho.

Hilo ni kosa la makadirio, nalo huonekana wazi vitabu vinapofungwa. Kosa linaloelezwa hapa chini ni jingine. Hubaki hata makadirio yakiwa sahihi kabisa, na jumla za vitabu hazilionyeshi.

## Mfano wa madumu na chupa

Kiwanda kinauza mafuta yaleyale kwa namna mbili. Lita 48,000 huuzwa katika madumu ya lita 20 kwa wafanyabiashara wa jumla, na lita 12,000 huuzwa katika chupa za lita moja zenye lebo kwa wenye maduka. Gharama ya moja kwa moja ya mafuta, baada ya kuondoa thamani ya mashudu, ni shilingi 4,000 kwa lita. Dumu huongeza shilingi 200 kwa lita. Chupa na lebo yake huongeza 550.

Kwa kiwango kimoja cha 500, lita ya dumu inagharimu 4,700 na lita ya chupa 5,050. Bei ya kuuza ni 4,950 kwa lita ya dumu na 5,500 kwa chupa. Faida basi ni 250 kwa lita ya dumu na 450 kwa chupa. Mwenye kiwanda akiona hivyo atataka kuongeza chupa, na atakuwa mgumu kumpunguzia bei mnunuzi wa madumu.

Lakini ukisimama kiwandani siku nzima unaona jambo ambalo kiwango hakilioni. Mashine ya kukamua haijui mafuta yanakwenda wapi. Hapo lita ni lita. Baada ya kichujio ndipo kazi inapotofautiana. Mkupuo wa madumu hujazwa na kuondoka. Chupa hutaka mtambo wa kujaza uoshwe na kurekebishwa, sampuli ichukuliwe, lebo zibandikwe tarehe na namba ya mkupuo, na kisha karani aandike ankara ya mwenye duka anayetaka chupa chache tu. Oda ya madumu kwa wastani ni lita 480. Oda ya chupa ni lita 30. Ankara ya lita 30 haiandikwi kwa muda mfupi kuliko ankara ya lita 480.

Ugharimiaji kwa shughuli huanza hapo. Shilingi 30,000,000 hutenganishwa kwa kuuliza watu wanafanya nini na fedha inakwenda wapi. Katika mfano huu yanapatikana mafungu manne, na kila fungu lina kisababishi chake cha gharama.

Kukamua na kuchuja kunachukua shilingi 15,000,000, na kisababishi ni lita: shilingi 250 kwa kila lita, bila ubaguzi. Kuandaa na kuosha mtambo wa kujaza kunachukua 4,500,000 kwa mikupuo 90, yaani 50,000 kwa mkupuo. Madumu yana mikupuo 30 na chupa 60. Upimaji unachukua 3,000,000 kwa vipimo 60, yaani 50,000 kwa kipimo. Madumu 20, chupa 40. Kupokea oda, kuandika ankara na kupakia kunachukua 7,500,000 kwa oda 500, yaani 15,000 kwa oda. Madumu 100, chupa 400.

| Shughuli | Madumu (sh.) | Chupa (sh.) |
|---|---|---|
| Kukamua na kuchuja | 12,000,000 | 3,000,000 |
| Kuandaa mtambo | 1,500,000 | 3,000,000 |
| Upimaji | 1,000,000 | 2,000,000 |
| Oda na upakiaji | 1,500,000 | 6,000,000 |
| Jumla | 16,000,000 | 14,000,000 |
| Kwa lita | 333 | 1,167 |

Sasa lita ya dumu inagharimu 4,533 na inaleta faida ya shilingi 417. Chupa inagharimu 5,717 na inauzwa 5,500: hasara ya shilingi 217 kila moja. Faida ya kiwanda kizima haijabadilika, ni 17,400,000 kwa hesabu zote mbili. Ila kwa hesabu ya kwanza madumu yalichangia 12,000,000 na chupa 5,400,000, na kwa hesabu ya pili madumu yanachangia 20,000,000 na chupa zinakula 2,600,000 kati yake.

## Chanzo cha upotoshaji

Kiwango kimoja hudhani kwamba kila gharama hupanda lita zinapopanda. Hiyo ni kweli kwa fungu la kwanza tu. Gharama za kuosha mtambo hupanda kwa idadi ya mikupuo, na za karani hupanda kwa idadi ya oda. Ukizigawa kwa lita, bidhaa yenye lita nyingi hulipia kazi ambayo haikuisababisha. Oda peke yake yaonyesha jambo hilo: shilingi 15,000 kwa lita 480 ni kama 31 kwa lita, lakini kwa lita 30 ni 500 kwa lita. Yaani kazi ya karani tu imemaliza kiwango chote cha ufyonzaji ambacho chupa ilikuwa imewekewa.

Kubadili kipimo kutoka lita kwenda saa za mashine hakuponyi tatizo, maana saa za mashine nazo hufuata wingi wa uzalishaji. Kwa upande mwingine, kiwanda kinachotengeneza bidhaa moja, au bidhaa zinazotumia kazi kwa uwiano uleule, hakipotoshwi sana na kiwango kimoja. Hakina sababu ya kujisumbua.

Dalili huonekana sokoni kabla ya kuonekana vitabuni. Wanunuzi wa madumu huhamia kwa jirani ambaye bei yake ni ndogo kuliko gharama ambayo kiwanda kinaamini ni yake, ingawa mashine ni za aina moja. Wenye maduka hawalalamiki bei ya chupa ikipandishwa. Chupa huongezeka, kazi huwa nyingi, na faida hushuka.

## Historia

Mhandisi Mwingereza Alexander Hamilton Church aliandika tangu mwaka 1901 dhidi ya kugawa gharama za kiwanda kwa asilimia moja ya mishahara. Hoja hiyo ilirudi kwa nguvu miaka ya 1980 kupitia Robin Cooper na Robert S. Kaplan wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mojawapo ya visa walivyovieleza ni cha kiwanda cha vipuri cha John Deere huko Marekani: kiliposhindania kazi za kutengeneza vipuri kilishinda zaidi vile vya idadi ndogo, na kikashindwa vile vya idadi kubwa ambavyo mashine zake zilivifaa. Ni kisa kilekile cha madumu na chupa. Mwaka 2004 Kaplan na Steven Anderson walipendekeza njia nyepesi zaidi, inayotumia muda wa kila kazi badala ya mahojiano marefu na wafanyakazi.

## Mipaka yake

Hasara ya 217 haina maana kwamba chupa ziachwe. Zikiachwa, shilingi 3,000,000 za kukamua zilizobebwa nazo hazitapotea zote, kwa sababu uchakavu wa mashine utabaki. Karani naye atabaki hadi aondolewe au apewe kazi nyingine. Hesabu hii inafaa zaidi kuonyesha mahali pa kugusa. Kiwanda kikiweka oda ndogo kabisa kuwa chupa 60, gharama ya oda itashuka kutoka 500 hadi 250 kwa lita, na chupa itaanza kuleta faida ya shilingi 33. Hiyo ni ikiwa muda wa karani uliookolewa utatumika kwa kazi nyingine. Usipotumika, akiba ni ya kwenye karatasi tu.

Kuna pia swali la uwezo usiotumika. Kama karani angeweza kushughulikia oda 750, gharama sahihi ya oda ni 10,000, na shilingi 2,500,000 zinazobaki ni gharama ya kukaa bila kazi. Haifai kuibebesha chupa wala dumu. Kwa hesabu hiyo hasara ya chupa inashuka hadi shilingi 50, kiasi ambacho bei inaweza kukifidia.

Mashudu ni jambo la pembeni lakini huwachanganya wengi. Mafuta na mashudu hutoka katika mkamuo mmoja, na hakuna kisababishi kinachoweza kuonyesha sehemu ya mbegu iliyotumiwa na kila kimoja. Pale mashudu yanapokuwa na thamani ndogo, desturi ni kuondoa thamani yake ya mauzo katika gharama ya mafuta, kama ilivyofanywa hapa. Mahali ambapo wafugaji wanayanunua kwa bei nzuri, mashudu huwa bidhaa kamili na mgawanyo hufanywa kwa uwiano wa mauzo, na mgawanyo huo ni makubaliano tu, kwa njia yoyote ya ugharimiaji.

Kazi yenyewe inagharimu. Kiwanda kidogo hakihitaji programu ya kompyuta. Daftari la mikupuo, daftari la vipimo na kitabu cha ankara vinatosha kuhesabu visababishi vya msimu mmoja. Ugumu uko kwenye kutenganisha mshahara wa mtu anayefanya kazi tatu kwa siku. Hapo makadirio ya wiki mbili au tatu, yaliyoandikwa kila jioni na mfanyakazi mwenyewe, huwa karibu zaidi na ukweli kuliko kumbukumbu ya mwisho wa mwaka.