Drili, chuma na mkono katika picha za akili mnemba

Picha ya fundi akitoboa bamba la chuma kwa drili ya betri huonekana kazi nyepesi kwa programu za kutengeneza picha kama Midjourney na Stable Diffusion. Matokeo ya kwanza huwa yanang'aa vizuri, ila ukiyatazama kwa makini unaona mshikio wa mpira unaometa kama chuma, chuma kilicholainika kama plastiki, na mkono wenye kidole kisicho na mahali pa kutokea. Sehemu kubwa ya makosa hayo huanzia kwenye maelezo aliyoyaandika mtumiaji.

Programu hizi huelewa sifa ya kitu kwa kuiambatanisha na maneno yaliyo karibu nayo, na uambatanishaji huo hulegea kwa urahisi. Akiandikiwa kwamba drili ni ya chuma na ina mpira, mchoraji huyu wa mashine husambaza ung'avu wa chuma hadi kwenye mpira. Drili halisi haiko hivyo: mwili wake ni plastiki ngumu, mpira umefunika sehemu inayoshikwa tu, na chuma kinaonekana zaidi kwenye biti na kwenye kichwa kinachoibana. Kila sifa inafaa iandikwe kando ya sehemu yake, na maneno ya jumla kama "inayong'aa" yaachwe kabisa.

Chuma kilichopigwa brashi kina alama moja isiyokosekana: mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja. Mwanga ukiiangukia, mng'ao hautulii kama doa la duara, bali hunyooka kuwa mstari unaokatisha mikwaruzo hiyo. Kwa hiyo maelezo hutaja uelekeo wa mikwaruzo na mahali mwanga unapotokea. Mpira hufanya kinyume chake. Hunywa mwanga, na umbo lake huonekana kwa vivuli vidogo vilivyo kati ya matuta ya kuzuia mkono usiteleze. Mwanga laini wa dirishani unaoingia kutoka ubavuni hufaa vyote viwili, ilhali mwanga mkali wa kutoka mbele hufuta matuta na mikwaruzo kwa pamoja.

Mkono ndio unaosumbua zaidi, na dawa yake ni kuchagua upande wa kuutazamia. Mkono wa kulia ukishika drili inayoelekea kulia kwa mtazamaji, kinachoonekana ni mgongo wa kiganja na vifundo vya vidole, huku kidole gumba kikiwa kimefichika upande wa pili. Drili ikielekea kushoto, gumba na ncha za vidole hujitokeza, na hapo ndipo programu hukosea hesabu. Mtazamo wa kwanza una vidole vichache vya kuchora, kwa hiyo makosa hupungua.

Usalama nao unaamua nini kiandikwe. Glavu hufikiriwa kuwa kinga kila mahali, lakini kwenye kifaa kinachozunguka kitambaa kinaweza kunaswa na biti na kuuvuta mkono. Hali kadhalika mkono wa shati uliolegea, pete na bangili. Bamba nalo libanwe kwenye jiliwa, lisishikwe kwa mkono wa pili. Maelezo huandikwa kwa Kiingereza, kwani picha zilizozifundisha programu nyingi zilikuwa na maelezo ya lugha hiyo:

```
side view, cordless drill pointing right,
bare right hand, back of hand to camera,
index finger on trigger, matte black rubber grip,
brushed steel plate in bench vise,
fine horizontal brush lines,
soft window light from the left
```

Visivyotakiwa haviandikwi humo. Ukiandika "bila glavu" ndani ya maelezo, neno glavu lenyewe huweza kuzileta glavu. Stable Diffusion ina kisanduku chake cha kuviorodhesha, na Midjourney hutumia `--no`:

```
gloves, ring, bracelet, loose sleeve, second hand
```

Picha ikitoka, ukaguzi huanzia kwenye biti: je, iko katikati ya kichwa, au imeyeyukia ndani yake? Kisha kidole cha shahada: je, kiko juu ya swichi, au kimezama kwenye plastiki? Drili ikielekea kulia na gumba likaonekana wazi mbele, basi huo ni mkono wa kushoto, na vidole vyote vinahitaji kuangaliwa upya.

Mkono peke yake ukiharibika, si lazima picha yote irudiwe. Katika Stable Diffusion sehemu hiyo hupakwa rangi ya kuifunika, ikachorwa upya peke yake. Kipimo cha mabadiliko kikiwekwa karibu na 0.5, mkao wa mkono hubaki na vidole hurekebishwa. Kikikaribia 1, mkono mpya huchorwa ambao huenda usikae kwenye mshikio.

Kuna kazi ambayo njia hii haifai. Muuza vifaa anayetaka kuonyesha drili ya modeli fulani atapata matundu ya hewa, vitufe na betri zisizokuwepo kwenye drili anayoiuza, hata maelezo yawe mazuri namna gani. Hapo inatakiwa picha iliyopigwa kwa kamera, na drili yenyewe iwe mezani.