Induksheni kwenye ukurasa uliopigwa picha

Induksheni ni njia ya kuthibitisha kwamba kauli fulani ya hisabati ni kweli kwa kila namba nzima, kuanzia 0 au 1 na kuendelea bila kikomo. Anayethibitisha hufanya kazi mbili tu. Kwanza hukagua namba ya mwanzo. Pili huonyesha kwamba kauli ikishakuwa kweli kwa namba yoyote ile, lazima iwe kweli na kwa namba inayofuata. Katika vitabu vya hisabati ya juu vya kidato cha tano na cha sita, kazi zote mbili huenea kwenye nusu ukurasa, na nusu ukurasa huo ndio wanafunzi wanaopiga picha kwa simu na kutumiana kwenye WhatsApp. Picha mara nyingi hufika na kasoro: kivuli cha mkono, maandishi yaliyopinda karibu na mshono wa kitabu, ukingo uliokatwa. Kwa ukurasa wa induksheni kasoro hizo zina faida isiyotarajiwa, kwa sababu zinaonyesha, pengine vizuri kuliko maelezo marefu, kila hatua inafanya kazi gani.

Tuseme ukurasa unathibitisha kauli hii:

1 + 2 + 4 + … + 2ⁿ = 2ⁿ⁺¹ − 1

Upande wa kushoto ni jumla ya namba zinazoanzia 1, kila moja ikiwa mara mbili ya iliyotangulia, hadi kufika 2ⁿ. Upande wa kulia ni njia ya mkato ya kupata jumla hiyo. Kwa n = 3, kushoto ni 1 + 2 + 4 + 8, yaani 15, na kulia ni 16 − 1, yaani 15. Kwa n = 5, kushoto ni 63, na kulia ni 64 − 1. Mtu akiendelea kujaribu jioni nzima, pande mbili zitalingana kila mara.

Hata hivyo, kulingana mara nyingi si uthibitisho. Mwanahisabati Leonhard Euler, katika karne ya 18, alionyesha kanuni n² + n + 41. Ukiweka n = 0 unapata 41, ukiweka 1 unapata 43, ukiweka 2 unapata 47, na zote ni namba tasa. Hali ni hiyohiyo hadi n = 39, inayotoa 1601. Namba 40 mfululizo, zote tasa. Kisha n = 40 inatoa 1681, ambayo ni 41 × 41, na mlolongo unakatika. Mtu aliyekagua mara 40 angekuwa tayari kula kiapo, na angekosea. Induksheni ipo ili kuziba pengo hilo, kwa kuwa namba hazina mwisho na hakuna anayeweza kuzikagua zote.

Ukurasa wenyewe huanza na mstari mfupi ambao wanafunzi wengi huupita haraka:

n = 0: kushoto 1; kulia 2¹ − 1 = 1

Hii ndiyo hatua ya msingi. Inachukua namba ndogo kabisa inayohusika na kuangalia kwamba kauli ni kweli hapo. Haihitaji ujanja wowote, ni kuweka namba na kulinganisha pande mbili.

Baadaye unafuata mstari unaoanza na neno “chukulia”: chukulia kwamba kauli ni kweli kwa n = k, yaani

1 + 2 + 4 + … + 2ᵏ = 2ᵏ⁺¹ − 1

Halafu kitabu kinasogea hadi namba inayofuata, k + 1. Jumla inabaki ileile, ila imeongezewa kitu kimoja mwishoni, 2ᵏ⁺¹:

1 + 2 + … + 2ᵏ + 2ᵏ⁺¹ = (2ᵏ⁺¹ − 1) + 2ᵏ⁺¹ = 2 × 2ᵏ⁺¹ − 1 = 2ᵏ⁺² − 1

Hii ni hatua ya kuendeleza. Jumla yote ya zamani, kuanzia 1 hadi 2ᵏ, imeondolewa na mahali pake pamewekwa 2ᵏ⁺¹ − 1, kwa ruhusa ya ule mstari wa “chukulia”. Baada ya hapo kuna 2ᵏ⁺¹ mbili, na mbili za kitu kimoja huongeza kipeo kwa 1. Jibu, 2ᵏ⁺² − 1, ndilo linalotakiwa, kwa maana ukichukua kanuni ya mwanzo na kuweka k + 1 penye n, kipeo kinakuwa k + 1 + 1.

Anayetishwa na herufi aweke k = 5 kwa muda. Jumla hadi 32 inajulikana, ni 63. Kinachofuata ni 64. Hakuna haja ya kuanza kujumlisha upya kutoka 1: 63 + 64 ni 127, na 127 ni 128 − 1. Mistari yenye k inasema jambo hilohilo, ila haitaji ni namba ipi, na kwa hiyo inafaa kwa zote.

Neno “chukulia” ndilo linalowakwaza wasomaji makini. Wanauliza, na swali lao ni la haki: iweje mtu achukulie kuwa kweli jambo lilelile analotaka kulithibitisha? Jibu ni kwamba hatua ya kuendeleza haidai kuwa kauli ni kweli kwa k. Inadai jambo dogo zaidi, lenye sharti: ikiwa ni kweli kwa k, basi ni kweli kwa k + 1. Mafundi ujenzi hujipanga mstari na kupokezana matofali kutoka kwenye lori hadi ukutani. Sharti la kila mmoja ni “nikipokea tofali, nitampa wa pembeni yangu”. Sharti hilo peke yake halimfikishii mtu yeyote tofali. Lazima kuwe na anayemkabidhi wa kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya n = 0. Kauli ikishakuwa kweli kwa 0, sharti linaifikisha kwa 1, kutoka 1 linaifikisha kwa 2, na hakuna namba itakayorukwa.

Sasa zirudi zile kasoro za picha. Ya kwanza hutokea picha inapofifia na vipeo kuonekana kama vimeshuka mstarini. Badala ya 2ⁿ⁺¹ − 1, msomaji anaona 2ⁿ + 1 − 1, yaani 2ⁿ tu. Akikagua hatua ya msingi, anakuta kushoto 1 na kulia 2⁰, ambayo pia ni 1. Imepita bila shida. Lakini hatua ya kuendeleza inagoma: 2ᵏ ukijumlisha 2ᵏ⁺¹ unapata 3 × 2ᵏ, wakati kanuni iliyosomwa vibaya inataka 2ᵏ⁺¹, yaani 2 × 2ᵏ. Na kweli, kwa n = 1 kushoto ni 3 na kulia ni 2. Fundi wa kwanza alipokea tofali, akabaki nalo mkononi.

Kasoro ya pili ni ya hatari zaidi. Ukingo wa kulia umekatwa, na “− 1” haionekani. Kanuni inasomeka kuwa jumla ni 2ⁿ⁺¹. Hapa hatua ya kuendeleza inapita kwa urahisi kabisa: 2ᵏ⁺¹ + 2ᵏ⁺¹ = 2ᵏ⁺². Kila alama iko mahali pake, na mwanafunzi aliyeruka mstari wa n = 0 ataamini kwamba amemaliza. Ila kwa n = 0 kushoto ni 1 na kulia ni 2. Kanuni si kweli hapo, wala si kweli kwa namba nyingine yoyote, maana kila mara kulia kunazidi kwa 1. Tena si “− 1” iliyokatwa pekee inayoleta hali hii. Mtu angeweza kuandika 2ⁿ⁺¹ + 5 au 2ⁿ⁺¹ + 1000, na hatua ya kuendeleza ingepita vilevile, kwa sababu inachokagua ni ongezeko kutoka namba moja hadi nyingine, na pande zote mbili huongezeka kwa 2ᵏ⁺¹. Hatua ya msingi ndiyo inayochagua kanuni moja kati ya hizo zote. Ule mstari mfupi unaodharauliwa ndio unaoleta “− 1” kwenye jibu.

Kuna pia picha iliyoanzia chini mno, ikauacha mstari wa “chukulia” kwenye ukurasa uliotangulia. Msomaji anaona mabano (2ᵏ⁺¹ − 1) yakitokea ghafla na hajui yametoka wapi. Mahali pa kutazama ni pale ambapo jumla ndefu inabadilishwa kuwa usemi mfupi, maana hapo ndipo dhana ya k inapotumika, na katika uthibitisho mzuri sehemu hiyo huwa imetajwa kwa maneno. Ikiwa dhana haikutumika popote, ama kauli haikuhitaji induksheni, ama kuna kosa limejificha. Kosa la kawaida kwenye daftari ni kuanza na mlinganyo wa k + 1 kana kwamba umeshathibitishwa, kisha kupunguza pande zote mbili hadi 0 = 0. Njia hiyo inaanza na kilichopaswa kuwa mwisho. Iliyo salama ni kushika upande wa kushoto peke yake na kuusogeza, mstari kwa mstari, hadi uwe wa kulia.

Mpangilio huu wa hatua mbili ulielezwa waziwazi na Mfaransa Blaise Pascal katika kitabu chake kuhusu pembetatu ya namba, alichokiandika mwaka 1654 na kilichochapishwa 1665, baada ya kifo chake. Alisema kwamba ingawa kauli yake ina hali zisizo na idadi, angeithibitisha kwa ufupi kwa kutumia mambo mawili, na mambo hayo ndiyo hatua mbili za ukurasa wa leo.

Mwanzo si lazima uwe 0. Kauli kwamba 2ⁿ ni kubwa kuliko n² ni kweli kwa 0 na 1, lakini kwa 2 pande mbili zinalingana, kwa 3 ni 8 dhidi ya 9, na kwa 4 zinalingana tena. Kwa 5 ni 32 dhidi ya 25, na kuanzia hapo haikatiki. Hatua ya kuendeleza inafanya kazi tangu k = 3, kwa sababu kuanzia hapo 2 × k² haipungui (k + 1)². Lakini kwa 3 na kwa 4 kauli yenyewe si kweli, hivyo hakuna cha kuendeleza. Hatua ya msingi huwekwa kwenye n = 5, na kinachothibitishwa ni namba kuanzia 5 kwenda mbele.