Siku moja iliyopotosha kipimo cha bitikoini

Tarehe 12 Machi 2020, hofu ya korona ilipotikisa masoko, bitikoini ilishuka kwa zaidi ya theluthi moja. Faharasa ya hisa ya S&P 500 ilianguka takriban asilimia 9.5, huku faharasa ya dola ikipanda. Anayepima uwiano wa mabadiliko ya kila siku kwa siku 60 za karibuni aliona namba ikiruka: chanya kwa hisa, hasi kwa dola. Siku hiyo ilipotoka kwenye hesabu, uwiano ulilegea ghafla, ingawa sokoni hapakuwa na jipya. Kabla ya kuiamini namba hiyo, iondoe siku moja kubwa, kisha ukokotoe upya. Ikiporomoka, ulipima tukio, si uhusiano.