Mafuta kwa Kanda, Siki kwa Unyayo

Makubadhi yangu ya kwanza ya maana niliyaharibu kwa mafuta ya nazi. Niliyanunua Mji wa Kale, Mombasa, ngozi ya ng'ombe tupu isiyopakwa rangi, na kwa miezi minne nikayavaa kila siku. Mwishowe vidole vyote vitano vikajichora weusi pale ninapokanyaga, kisigino nacho kikaacha duara lake, na kanda za juu zikaanza kuwa ngumu. Nikakumbuka kauli ya nyumbani kwamba ngozi ikikauka hupakwa mafuta. Nikayapaka juu, chini na pembeni, nikayaacha yanywe usiku kucha.

Asubuhi mguu ukawa unateleza ndani kama samaki kwenye sinia. Kufika Ijumaa vumbi lote la mtaa lilikuwa limeganda, na pindo la kanzu lilikuwa na doa. Nikayapeleka kwa fundi mmoja mzee.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.” Akayageuza, akayanusa. “Haya umeyapaka au umeyakaanga?”

Nilichojifunza siku ile ni kwamba kubadhi moja lina ngozi mbili zenye mahitaji tofauti, hata kama zimekatwa kwenye kipande kimoja. Ukanda hupindwa kila hatua, kwa hiyo unahitaji mafuta. Ngozi ya kukanyagia haipindwi sana; kazi yake ni kunywa jasho na kulitoa tena kiatu kikipumzika. Ukiijaza mafuta, jasho halina pa kuingia. Linabaki juu, linachanganyika na vumbi, na kuwa ule utelezi mweusi.

Ngozi ya makubadhi mazuri kwa kawaida imedabighiwa kwa magome ya miti. Miwati, kwa mfano, imelimwa miaka mingi Njombe na katika nyanda za juu za Kenya kwa sababu ya magome yake. Ndani ya magome mna tanini, kile kile kinachofanya chai ya rangi iliyokolea ikaushe ulimi. Tanini ndiyo inayoipa ngozi hiyo rangi yake ya hudhurungi, na ndiyo inayoifanya iwe nyepesi kuingia madoa.

Jasho likikauka huacha chumvi, na wakati mwingine utaiona kama ukungu mweupe ukingoni mwa alama ya vidole. Huacha pia urea. Vijidudu vinaigeuza urea kuwa amonia, na amonia ina ukali wa upande wa magadi. Tanini ikiguswa na kitu cha namna ya magadi hukoza rangi. Kwa hiyo doa la kidole si uchafu wa juu tu. Sehemu yake ni ngozi yenyewe iliyobadilika, na hiyo haifutiki. Unachoweza kufanya ni kuondoa uchafu na chumvi, kisha kuifanya rangi iliyobaki ilingane.

Hapo ndipo sabuni ya mche inapokosea. Sabuni ya kufulia nayo iko upande huo wa magadi, kwa hiyo unaongeza kile kile kilicholeta doa. Magadi yenyewe, ambayo wengine huyanyunyiza kuondoa harufu, yana kosa hilo hilo.

Fundi alianza na unga. Alinyunyiza unga laini wa muhogo juu ya ngozi ya kukanyagia, akauacha hadi kesho yake, akaupangusa kwa brashi kavu. Unga ulitoka umeloa mafuta, wa rangi ya kahawia. Akarudia mara tatu. Baada ya hapo akachukua glasi ya maji ya uvuguvugu, akatia matone machache ya shampuu ya watoto, akachovya sponji na kuikamua hadi isidondoke. Akapangusa ngozi yote, kutoka kidole gumba hadi kisigino, hata sehemu zisizo na doa. Hili usilipuuze. Ukilowesha doa peke yake, maji yatasukuma uchafu hadi yanapoishia, na yakikauka utabaki na mstari kama ule wa maji kupwa ufukweni.

Mara ya mwisho alipangusa kwa siki: sehemu moja ya siki nyeupe kwa mbili za maji, kitambaa kibichi tu. Siki huyeyusha ile chumvi na kuirudisha ngozi upande wa uchachu, ambao ndio asili yake. Kisha kivulini, penye upepo, siku mbili. Usiyaweke juani wala karibu na jiko, kwa maana ngozi iliyoloa ikipata joto kali hujikunja na kukakamaa, na haifunguki tena.

Yalipokauka yalibaki madoa ya aina ya pili: vijiduara vyeusi kuzunguka vichwa vya misumari. Haya si jasho peke yake. Chuma kikikutana na tanini penye unyevu hutoa weusi wa wino. Ukiacha msumari wa chuma ndani ya chai ya rangi utauona weusi huo huo. Fundi alikamua ndimu, akagusa kila kiduara kwa kijiti chenye pamba, akasubiri kama dakika tano, akafuta kwa kitambaa kibichi. Vingi vilififia, viwili vikakataa, akaviacha. Kuzidisha ndimu, alisema, huacha baka jeupe kuliko ngozi nyingine, na baka jeupe linaonekana zaidi.

Mafuta yalikuja mwisho, na kwa kanda tu. Kujua kama ukanda una kiu, ukunje taratibu: ukiona vijistari hafifu vyeupe mgongoni, umekauka. Kwa jozi nzima nusu kijiko cha chai kinatosha. Mimi sasa hutumia mafuta ya nyonyo, ambayo ni mazito na hayatapakai, ila ya nazi yanafaa pia yakiwa safi. Yale ya kukamua nyumbani yenye maji ndani huchacha upesi. Paka kwa ncha ya kidole upande wa chini wa ukanda, ule wenye manyoya manyoya, maana ndiko yanakopenya. Acha usiku mmoja, pangusa yaliyobaki. Kila baada ya miezi miwili au mitatu inatosha. Ukanda uliozidishiwa mafuta hulegea, matundu ya uzi yakarefuka, na mguu ukaanza kutokeza mbele ya kiatu.

Ngozi ya kukanyagia, ikiwa safi na kavu kabisa, naisugua kipande cha nta ngumu, kidogo sana, kisha naisugua kwa kitambaa hadi mkono usinate. Haizuii jasho lote, ila inalichelewesha.

Kilichobaki ni mazoea. Nina jozi mbili, nazivaa kwa zamu, kwa sababu jasho la siku nzima halikauki usiku mmoja, hasa miezi ya kaskazi. Nikitawadha nafuta miguu kwanza, hata katikati ya vidole. Nikijipaka mafuta ya mgando, navaa kandambili hadi yakauke mwilini.

Gidamu ikipasuka pale inapoingia kwenye soli, usihangaike na mafuta. Hapo ni kubadilisha. Mwambie fundi, maadamu soli imeshafunguliwa, atoe ile misumari ya chuma na kutia ya shaba. Baada ya miezi utaona kijani kidogo pembeni mwa vichwa vyake, mafuta yanapokutana na shaba. Hicho hutoka kwa kitambaa kikavu.