Mteja Akitaka Faili Zenyewe

"Habari za asubuhi. Nitumie zile faili wazi za lebo leo, mtu wa matbaa anazingoja."

Ujumbe huo ulitoka kwa mama mmoja wa Mombasa anayefungasha viungo: pilau masala, iliki na mdalasini. Miezi minane kabla nilikuwa nimemchorea lebo tatu kwa shilingi 48,000. Alilipa zote kwa wakati, nami nikampa PDF za kuchapishia pamoja na alama ya biashara yake. Sasa alitaka kile nilichochorea chenyewe, yaani faili za `.ai` zenye tabaka zote, maandishi yanayoharirika na picha zilizopachikwa ndani. Sisi wachoraji huziita faili wazi, au faili za kazi.

Nilipandwa na hasira kidogo, kisha nikayafungua mapatano yetu ya awali. Hayakuwa na hata neno moja kuhusu faili za kazi. Yeye aliamini amezinunua, mimi niliamini sijaziuza, na karatasi haikumkanusha yeyote.

Kabla ya kutaja bei nilimpigia simu kumuuliza anazitakia nini. Swali hili humaliza nusu ya maombi ya namna hii. Matbaa nyingi husema "lete faili wazi" kwa mazoea tu, ilhali wanachohitaji ni PDF yenye rangi za CMYK na milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatia. Hiyo ingekuwa kazi ya dakika kumi, na nisingeitoza. Lakini mama alikuwa na sababu nyingine. Uzito wa pakiti ungekuwa ukibadilika mara kwa mara, na mtoto wa dada yake, aliyesomea usanifu, alikuwa ameanza kufanya kazi dukani. Marekebisho yangefanyiwa humo humo. Hapo nikajua anahitaji faili kweli, nami ninapoteza kazi kweli.

Bei haina kiwango rasmi. Wengine hutoza nusu ya malipo ya awali, wengine mara mbili yake, na ukiwauliza kwa nini, wachache wana hesabu. Yangu ilikwenda hivi. Kusafisha faili, kuzipa tabaka majina yanayoeleweka na kuondoa majaribio yaliyofichwa kungechukua saa 5. Saa yangu naiuza shilingi 1,200, kwa hiyo hapo ni 6,000. Kisha kuna kazi inayoondoka. Kwa mwaka angenipa marekebisho kama 6 ya shilingi 3,500, jumla 21,000. Kosa la wengi ni kuitoza hiyo 21,000 yote, kana kwamba wangeipata bila jasho. Kila rekebisho lingenila saa moja na nusu, yaani saa 9 kwa mwaka, ambazo sasa ninaweza kumuuzia mtu mwingine kwa 10,800. Hasara halisi ni 10,200. Ukijumlisha na kusafisha, unapata 16,200, na chini ya hapo nisingeshuka. Kama saa hizo nisingezipatia mnunuzi, hasara ingefika 27,000. Nilimtajia 25,000 kwa sababu msimu ulikuwa mkavu, na nilikuwa tayari kushuka hadi 20,000.

Alama ya biashara sikuitoza kitu. Faili ya SVG ya alama ni haki ya mteja tangu siku ya kwanza, maana bila hiyo hawezi kuchora bango wala kushonesha fulana. Anayeificha ili arudiwe anajitafutia jina baya.

Sheria nayo ina mtego, hasa kwa anayenakili mkataba wa Kimarekani mtandaoni. Kule, kazi ya mchoraji wa kujitegemea kwa kawaida hubaki yake mpaka aihamishe kwa maandishi. Kenya ni kinyume chake. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo mama wa viungo alikuwa mwenye haki ya michoro ile, nami singeweza kumzuia kuibadilisha. Ila kifungu kinahusu haki na hakitaji faili. Ndiyo maana mapatano yanahitaji sentensi mbili, moja ya haki na nyingine ya faili. Siku hizi makadirio yangu ya bei huwa na maneno haya:

"Bei hii ni ya faili za mwisho: PDF ya kuchapisha, na alama ya biashara katika SVG na PNG. Faili za kazi hazimo. Mteja akiziagiza sasa ataongeza shilingi 20,000. Akiziagiza baadaye, bei itakadiriwa wakati huo. Hakimiliki ya lebo itahamia kwa mteja siku atakapomaliza kulipa, si kabla."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayomlinda mchoraji dhidi ya mteja anayechapisha kwanza na kulipa akikumbuka. Nayo ile ya 20,000 hufaa zaidi ikiwa mwanzoni, maana bei ileile ikitajwa baada ya miezi minane mteja huisikia kama fidia ya mateka. Kwa huyu mama nilikuwa nimechelewa, basi nikamwandikia: "Mama, faili za kazi hazikuwa katika bei yetu ya kwanza, lakini nitakupa. Nitazisafisha ili kijana azifungue bila taabu. Ni shilingi 25,000, na zitakuwa tayari siku tatu baada ya malipo." Tulikubaliana 22,000.

Makabidhiano yenyewe yana mambo yake. Katika Illustrator, amri ya `File > Package` hukusanya faili, picha na fonti katika folda moja, ila fonti za Adobe Fonts huachwa nje. Fonti uliyonunua pia leseni yake ni yako, na mara nyingi huna ruhusa ya kuigawa. Vivyo hivyo picha za kununuliwa. Nilimpa orodha ya fonti mbili azitafute mwenyewe, pamoja na nakala ya pili ambayo maandishi yake yamegeuzwa kuwa michoro kwa `Create Outlines`. Kisha nikaifungua folda katika kompyuta ya rafiki isiyo na fonti zangu, nione kinachovunjika. Katika karatasi ya kupokea niliongeza: "Mabadiliko yatakayofanywa na mtu mwingine baada ya leo si dhamana ya mchoraji. Maswali yatajibiwa bila malipo kwa siku 7."

Hatari ya upande wa pili ni kutoa faili bila kujua. Unapohifadhi PDF katika Illustrator, kuna kisanduku kiitwacho `Preserve Illustrator Editing Capabilities`. Kikiwa na alama ya tiki, faili ya kazi nzima husafiri ndani ya PDF, na yeyote mwenye programu hiyo ataifungua kama wewe. Nilipokagua PDF zangu za kwanza za pilau masala nilikuta tiki ipo. Kijana angejaribu tu, angezipata bure.

Wapiga video wa harusi wana hesabu tofauti, kwa kuwa uzito wao ni wa mali ghafi yenyewe. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili kwa saa 6 ni gigabaiti 540. Hapo mteja alete diski yake, alipie muda wa kunakili, na mapatano yataje siku ambayo klipu zitafutwa.

Kama kuna makadirio ya bei mezani kwako ambayo hujayatuma, yaongezee mstari wa faili za kazi kwanza, na ukague kile kisanduku kabla ya PDF kuondoka.