Yuriki Asidi Iko Juu na Hauumwi Popote? Usikimbilie Dawa

Umepima damu hapo Kakamega tao, karatasi inasema yuriki asidi ni 510. Kwa mwanaume, mwisho huwa kama 420. Lakini kidole gumba cha mguu hakijawahi kuvimba, na magoti yako fiti. Sasa umeze alopurinoli?

Tulia, msee. Namba peke yake si ugonjwa. Mwongozo wa 2020 wa madaktari wa viungo Marekani unashauri mtu asiye na dalili asianzishwe hiyo dawa. Hata kwa wenye zaidi ya 535, kama 20 kati ya 100 ndio hupata jongo ndani ya miaka 5. Na dawa yenyewe, mara chache sana, huchubua ngozi vibaya hadi kuua.

Fanya hivi: rudia kipimo, upimwe figo na presha. Taja dawa unazomeza, juu zingine za presha na pirazinamidi ya TB hupandisha hiyo namba. Usiziache mwenyewe. Punguza busaa, bia na maini.

Lakini kama umewahi kupata mawe ya figo, ama kidole kikivimba ghafla usiku, hiyo ni stori ingine. Ona daktari.