Dakika Mbili za Mteja

Shangazi yangu ana duka la ushonaji Magomeni, na kitabu chake cha vipimo kina namba za simu za wateja wake wote. Siku moja aliwatumia ujumbe mmoja kwa pamoja: "Mambo vipi wateja wetu wapendwa! Naomba mtupe maoni kuhusu huduma zetu, msiogope kusema chochote. Tunawapenda sana", akamalizia kwa emoji mbili. Majibu yaliyorudi yalikuwa "Poa", "Asante, nasi tunawapenda" na "Nani mwenzangu?"

Hilo la mwisho ndilo lililotufikirisha. Nchi hii imekwisha kuumwa na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo ujumbe usiojitambulisha husomwa kwa jicho la wasiwasi. Tena huyo aliyeombwa aseme "chochote" hakujua aanzie wapi wala angemaliza saa ngapi. Akaifunga simu, akaendelea na mapishi yake.

Tulikaa jioni moja tukauandika upya. Salamu ilitushinda kwanza. "Mambo" ni ya vijana, na shikamoo huwezi kuimwaga kwa watu mia ambao wengine ni wadogo zako. Tukachukua "habari za leo", haimkwazi mtu. Shangazi akataka aongeze "kwa heshima na taadhima". Nikamwambia hiyo ni ya barua ya mwenyekiti wa mtaa. Neno "tunaomba" lina adabu ya kutosha. Ukawa hivi:

"Habari za leo. Ni fundi wako wa Magomeni. Tunaomba dakika 2 ujibu maswali 4 kuhusu gauni ulilochukua Jumamosi. Ukiwa tayari, jibu NDIYO. Si lazima. Asante."

Gauni na Jumamosi ndiyo hati ya utambulisho, maana tapeli hajui ulichukua nini, lini. Kiungo cha kubofya hatukuweka: mteja anajibu pale pale, na maswali yanamfuata akishasema NDIYO.

Jambo lililomshangaza shangazi ni gharama. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160, nafasi na vituo vikihesabiwa. Ukitia emoji hata moja, mtandao hubadili namna ya kuandika ujumbe wote, na kikomo kinashuka hadi 70. Ule wa kwanza, pamoja na ufupi wake, ulikatwa mara mbili kwa ajili ya emoji. Huu mpya ni mrefu zaidi, una herufi 155, lakini unakwenda kama meseji moja.

Zile dakika 2 hazikutoka hewani. Mwanzoni shangazi alikuwa na maswali 11. Tuliwapa majirani watano wayajibu kwenye simu zao huku nikiangalia saa, na aliyechelewa kuliko wote alitumia karibu dakika 6. Kishawishi kilikuwa kuandika "dakika 2" hivyo hivyo, watu waingie. Mwaka 2001 Scott Crawford, Mick Couper na Mark Lamias walichapisha jaribio lao kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Baadhi waliambiwa dodoso litachukua dakika 8 hadi 10, wengine dakika 20, na ukweli ulikuwa karibu na 20. Walioahidiwa muda mfupi walikubali kuanza kwa wingi zaidi, lakini pia ndio walioliacha njiani kwa wingi zaidi.

Basi tukapunguza maswali badala ya kupunguza ukweli. Yalibaki manne: Gauni lilikukaa vizuri? Lilikuwa tayari siku tuliyokuahidi? Bei uliionaje? Ungependa turekebishe nini? Tukapima tena. Jirani wa mwisho, mama mmoja anayeandika kwa kidole kimoja, alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 50. Muda wake ndio tuliouandika, tukiuzungusha juu, kwa sababu anayemaliza mapema hana kinyongo. Anayepitishwa ndiye anayenung'unika.

Siku ya kutuma nayo tuliibishania. Gauni la kazini unaweza kuliulizia baada ya siku mbili tatu. La harusi, subiri hadi livaliwe, vinginevyo swali la kwanza halina jibu.

Safari hii majibu yalikuja, ila tukaona kitu: wengi walijibu matatu ya kwanza, wakaishia hapo. Watu wakisimama wote mahali pamoja, kagua swali lililo mbele yao. Letu lilidai insha. Tulilibadilisha likawa: "Kitu kimoja cha kurekebisha, neno moja linatosha."

Jioni ile ile mteja mmoja akajibu: "Zipu." Wa pili naye: "Zipu." Shangazi akaenda kwenye droo, akaitoa boksi nzima ya zipu za bei rahisi alizonunua jumla mwezi uliotangulia, akaitazama kwa muda mrefu.